Naombeni mnikosoe tangazo langu la oda za mapema: kianzio, tarehe na kurudisha pesa

Pindo_la_Bluu

Habari zenu wakuu. Nashona magauni ya kike, nina mafundi wawili. Safari hii nataka kupokea oda kabla sijanunua kitambaa, magauni 40 ya mshono mmoja, kwa sababu mara iliyopita nilitangulia kushona nikabaki na saizi ambazo hazikupata mtu. Tangazo nitalisoma kwenye video fupi, kisha maandishi yaleyale nitayaweka chini yake. Rasimu yangu ndiyo hii:

"Wapenzi wateja, lile gauni mliloliulizia sana linarudi! Weka oda yako sasa kwa kianzio cha asilimia 30 tu. Utalipokea ndani ya wiki 3 hadi 4. Kianzio hakirudishwi. Wahi, nafasi ni chache!"

Sentensi ya "hakirudishwi" ndiyo inayonikosesha amani. Nikiitoa naogopa kuachiwa magauni, na nikiiacha naona kama nawatisha watu. Ninyi mnaandikaje?

Chuma_cha_Pasi

Iache hapohapo, tena iandike kwa herufi kubwa. Mimi nashona mashati, na tangu nianze kuiandika hakuna anayenisumbua. Mteja akishaisoma akalipa, amekubali, na huna deni naye. Ila hiyo tarehe ndiyo ungeiondoa. Sema "hivi karibuni", maana tarehe ndiyo itakayokufunga.

Kamba_ya_Kipimo

Dada, kwa uzoefu wangu tatizo kubwa ni vipimo. Mteja apimwe mara mbili, kifua na nyonga, na asipimwe akiwa amevaa nguo nzito. Ukizingatia hayo hutarudishiwa nguo.

Pindo_la_Bluu

Asante fundi, hilo nalizingatia. Ila swali langu ni la kurudisha pesa, si nguo. Wengi watachagua saizi za kawaida, wachache tu ndio nitawashonea kwa vipimo vyao.

Mkasi_Mkubwa

Dada Pindo, kabla ya kuhangaika na maneno nahitaji kujua namba zako, kwa sababu tangazo la oda za mapema huwa zuri au baya kutokana na hesabu iliyo nyuma yake. Chukulia bei ya gauni ni 100, usinitajie pesa halisi. Katika hiyo 100, kitambaa, bitana, uzi na vifungo vinakula ngapi? Mafundi wanakula ngapi? Kitambaa huchukua siku ngapi kukufikia tangu ulipie? Na gauni moja linashonwa kwa saa ngapi?

Pindo_la_Bluu

Vitu vyote vya kushonea ni 38. Mafundi 22. Kufunga mzigo 3, nauli analipa mteja. Kinachobaki ni pango, umeme na faida. Kitambaa msambazaji anasema siku 14, lakini mara mbili zilizopita kilifika siku ya 19 na ya 21. Gauni moja ni kama saa 4 za fundi, ukiacha matundu ya vifungo ambayo napeleka kwa mwenye mashine yake.

Mkasi_Mkubwa

Vizuri, hapo tunaweza kuongea.

Nianze na kianzio. Umesema 30, lakini vifaa tu ni 38. Kila oda utakayopokea itakudai 8 kutoka mfukoni mwako kabla mkasi haujagusa kitambaa. Kwa magauni 40 hiyo ni 320, yaani zaidi ya bei kamili ya magauni matatu. Kadiri watakavyoitikia wengi ndivyo utakavyokwama zaidi. Wengi hukwama hapa bila kuelewa kwa nini, wanaona oda zimejaa na pesa ya jora haitoshi. Kisha wanafungua oda za toleo jingine ili kianzio kipya kinunue kitambaa cha watu wa zamani. Ukifika hapo, pesa ya kumrudishia mtu haipo tena, hata ukiwa na nia njema kiasi gani.

Kwa hiyo kianzio kisishuke chini ya gharama ya vitu ambavyo ukishavinunua huwezi kuvirudisha dukani. Kwako hiyo ni 38. Ukichukua 50, unanunua vyote na unabaki na 12 kwa kila gauni.

Sasa tarehe. "Wiki 3 hadi 4" tangu lini? Atakayelipa siku ya kwanza ataanza kuhesabu siku hiyo, na atakayelipa siku ya mwisho ataanza wiki mbili baadaye, ilhali kitambaa ni kimoja na kitanunuliwa siku moja. Wa kwanza atakuona mwongo hata kama hukukosea popote. Taja siku ya kufunga oda na siku ya mzigo kutoka mikononi mwako, zote mbili kwa tarehe ya kalenda.

Tufanye hesabu. Tuseme unafunga oda 8 Juni na unalipia kitambaa kesho yake. Usitumie siku 14 za msambazaji, tumia 21 ulizoziona mwenyewe, zihesabu tangu siku ya kufunga, na malipo yafanyike 9 Juni asubuhi bila kukosa. Hapo umefika 29 Juni. Kulowesha, kukausha na kukagua kitambaa kinachopungua kikifuliwa, pamoja na kukata vipande vya magauni 40, weka siku nne, 3 Julai. Mafundi wawili kwa saa 8 wanatoa magauni manne kwa siku, hivyo 40 ni siku 10 za kazi. Kwa wiki ya siku sita za kazi ni kama siku 12 za kalenda, unafika 15 Julai. Matundu ya vifungo, kukata nyuzi, pasi na kufunga ni siku tano, 20 Julai. Ongeza siku nane za fundi kuugua, umeme kukatika na mwenye mashine ya matundu kukuambia njoo kesho. Tarehe yako ni 28 Julai.

Hizo ni wiki saba kutoka siku ya kufunga. Wewe uliandika tatu hadi nne, na kitambaa peke yake kinakula tatu.

Pindo_la_Bluu

Nimekaa kimya dakika kadhaa nikiirudia hiyo hesabu. Kweli wiki 4 nilizitoa kichwani kwa sababu ndizo ninazoona kwa wengine. Lakini wiki saba si zitafukuza watu?

Nakshi_Kifuani

Naomba niseme kama mteja, mimi si fundi. Niliwahi kulipa kianzio cha gauni la sherehe ya mdogo wangu. Niliambiwa wiki tatu. Wiki ya nne nikauliza nikajibiwa "linamaliziwa". Wiki ya tano nikajibiwa hivyohivyo. Lilinifikia siku mbili baada ya sherehe, zuri kabisa, limeshonwa vizuri, na mpaka leo sijalivaa. Ningeambiwa mapema kwamba kitambaa hakijafika, ningeazima nguo kwa dada yangu na ningelingoja langu kwa moyo mweupe. Kilichoniumiza ni yale majibu ya "linamaliziwa" wakati huenda hata halikuwa limekatwa.

Kwa hiyo wiki saba hazinifukuzi. Ukiniambia wiki saba na nina shughuli ya wiki ya tano, sitaagiza, na tutaagana vizuri.

Mkasi_Mkubwa

Dada Nakshi, pole sana. Na hapo umetupa sentensi mbili za tangazo. Ya kwanza: kama unaitaka nguo kwa siku maalumu kabla ya tarehe fulani, usiagize katika toleo hili. Tarehe yenyewe iwe wiki moja baada ya mzigo kutoka, kwa ajili ya usafiri na marekebisho madogo. Ya pili: siku ya taarifa. Dada Pindo, wewe utajua tarehe 29 Juni kama kitambaa kimefika au hakijafika. Waahidi siku hiyo mapema, kwamba 29 Juni kila aliyelipa atapata ujumbe, uwe wa heri au wa kuchelewa. Mtu mwenye miadi ya ujumbe hakuandikii kila siku "imefikia wapi".

Chuma_cha_Pasi

Mnamchosha. Tangazo lenye tarehe tatu nani atalisikiliza? Na hamjajibu la kianzio. Narudia, "hakirudishwi" inatosha.

Mkasi_Mkubwa

Kaka Chuma, una haki nusu. Mtu akibadilisha mawazo tu, kitambaa chake kimeshanunuliwa, fundi hapaswi kubeba hasara hiyo. Hapo niko nawe. Lakini sentensi yako haitofautishi mteja aliyeghairi na fundi aliyeshindwa. Ukichelewa miezi miwili, au msambazaji akileta rangi nyingine, bado utamwambia hakirudishwi? Sehemu nyingi sheria haitakusikiliza, na aliyelipa kwa kadi anaweza kwenda benki yake kulalamika kwamba hakupokea kitu, pesa ikarudi kwake hata kama wewe hukubali.

Wazee walikuwa na neno arubuni, pesa ya kufungia biashara: mnunuzi akighairi imempotea, muuzaji akighairi lazima airudishe. Watu wanakumbuka kipande cha kwanza tu.

Halafu kuna jambo la anayeuza nje. Kwa mnunuzi aliye ndani ya Umoja wa Ulaya, nguo iliyonunuliwa mtandaoni inaweza kurudishwa ndani ya siku 14 tangu kuipokea bila kutoa sababu, isipokuwa iliyotengenezwa kwa maelekezo yake mwenyewe, kama vipimo vya mwili wake. Gauni la saizi M ambalo yeyote angeweza kulichagua haliingii kwenye msamaha huo kwa sababu tu umelishona baada ya kulipwa. Kila mtu asome sheria ya anakouza, mimi sitasema zaidi ya hapo.

Ndiyo maana nakushauri dada Pindo utenganishe saizi za kawaida na vipimo binafsi, hata kwenye kurudisha pesa. Gauni la M likiachwa lina mnunuzi mwingine. Lililokatwa kwa mwili wa mtu mmoja halina.

Pindo_la_Bluu

Hapo nimeelewa. Kwa hiyo mtu wa saizi ya kawaida akighairi baada ya kitambaa kununuliwa, nimrudishie ngapi? Nimeshatumia 38 katika 50 yake.

Mkasi_Mkubwa

Imebaki 12, ambayo ni karibu sana na robo ya kianzio. Sema robo. Kila mtu anaielewa, na inatokana na hesabu halisi, hukuibuni. Mimi ningeongeza kwamba gauni lake likiuzwa kwa mwingine, unamrudishia na zile robo tatu.

Chuma_cha_Pasi

Hilo nalikataa. Utafungua daftari la kumfuatilia kila aliyeghairi, lake limeuzwa au bado? Na ukiwa na M kumi, utajuaje lipi ni lake?

Mkasi_Mkubwa

Wa kwanza kughairi ndiye wa kwanza kulipwa gauni la saizi yake likipata mtu. Ila nakubali ni kazi. Kwa magauni 40 inawezekana, kwa 400 mimi mwenyewe nisingeahidi.

Kamba_ya_Kipimo

Samahani, mwanzo sikuwa nimeelewa swali. Niulize sasa: wale wa vipimo binafsi, kwa nini wasilipe zaidi ya 50? Mimi huwa nachukua 60 kwao, maana 38 na 22 ya fundi ndiyo 60 kamili. Akitoweka, angalau sijashona bure.

Mkasi_Mkubwa

Ni hesabu nzuri. Kwa vipimo binafsi 60 naiunga mkono. Kwa wote nasita, kwa sababu mteja akishakulipia kitambaa na fundi, wewe huna chako kilichobaki hatarini hadi 28 Julai, na yeye analijua hilo. Dada Pindo, ukichukua 50 utahitaji kuwa na akiba ya mafundi. Ujira wao ni 880 kwa magauni yote, kianzio kinakuachia 480, pengo ni 400. Unalo?

Pindo_la_Bluu

Ninalo, ni akiba ya mauzo ya mwezi uliopita. Na nimeamua kianzio nakiweka kwenye akaunti ya peke yake, nisichanganye na pesa ya matumizi. Nitabaki na 50 kwa wote ili tangazo lisiwe na viwango viwili. Nimeandika upya, naomba msome kwa sauti:

"Habari zenu. Gauni hili la vifungo vya mbele narudi kulishona, magauni 40 tu. Bado sijanunua kitambaa. Nitanunua kwa oda zenu.

Ukiagiza unalipa nusu ya bei. Nusu ya pili unalipa gauni likiwa tayari, baada ya kuona picha yake, kabla sijalituma. Nauli ni juu yako.

Oda nafunga tarehe 8 Juni, saa 6 usiku. Tarehe 29 Juni nitakutumia ujumbe kukuambia kitambaa kimefika au kimechelewa. Gauni litatoka mikononi mwangu kabla ya 28 Julai kuisha. Kama unalitaka kwa shughuli iliyo kabla ya 4 Agosti, tafadhali usiagize toleo hili.

Ukighairi kabla sijafunga oda, nakurudishia pesa yote. Kuanzia 9 Juni kitambaa chako kimeshalipiwa, hivyo nakurudishia robo ya kianzio. Kama ni gauni la vipimo vyako mwenyewe, likishakatwa tarehe 2 Julai sirudishi kianzio.

Nisipolituma hadi 28 Julai, unachagua: unangoja tarehe mpya nitakayokupa, au nakurudishia pesa yote ndani ya siku 7. Likikufikia na kasoro ya ushonaji au saizi siyo uliyoagiza, nitumie picha ndani ya siku 3. Nitalirekebisha au nitakurudishia pesa yote, na nauli ya kulirudisha ni yangu.

Masharti haya yameandikwa hapa chini. Yasome, kisha niandikie saizi yako na neno NIMEKUBALI. Baada ya hapo nitakupa namba ya kulipia."

Nakshi_Kifuani

Hapa ningelipa. "Bado sijanunua kitambaa" ndiyo imenishika, maana mara nyingi tunadhani nguo ziko kabatini na mtu anatuzungusha.

Mkasi_Mkubwa

Limekaa vizuri. Mimi pia ningelianza na jambo hilohilo, kwa sababu kila sharti linalofuata linatokana nalo. Mteja akijua kitambaa kinanunuliwa kwa pesa yake, hahitaji kufafanuliwa kwa nini 9 Juni mambo yanabadilika.

Nina marekebisho mawili. Neno NIMEKUBALI peke yake halina kumbukumbu ya alichokubali. Mwombe aandike: "Nimekubali, saizi M, mzigo kutoka hadi 28 Julai." Siku mkitofautiana, ujumbe mmoja unaeleza yote kwa maneno yake mwenyewe. Na hakikisha huyabadilishi maandishi ya chini baada ya watu kulipa, hata nukta. Ukibadilisha kitu, kiwe cha toleo linalofuata.

La pili, 2 Julai si lazima uitaje kama kitambaa kimechelewa na bado hujakata. Sema "likishakatwa", na umtumie picha ya vipande vyake siku unapokata.

Chuma_cha_Pasi

Nakubali limekaa vizuri kuliko nilivyodhani, nimelisoma kwa sauti na halikufika dakika mbili. Lakini kuna tundu. Gauni likiwa tayari, umetuma picha, mteja akae kimya bila kulipa nusu ya pili. Umngoje mpaka lini? Hapo ndipo mimi nilipopata hasara zangu, si kwenye kughairi.

Pindo_la_Bluu

Sikuliwaza hilo. Siku 7 baada ya picha?

Kamba_ya_Kipimo

Siku 7 ni chache. Watu wengi hulipwa mwisho wa mwezi, na picha zako zitatoka katikati ya Julai. Weka 14.

Mkasi_Mkubwa

14 naona sawa kwa sababu hiyo ya mshahara, ila kumbuka ahadi yako ya 28 Julai. Ni lazima useme kwamba tarehe hiyo ni kwa aliyemaliza kulipa, la sivyo atalipa 30 Julai akudai pesa yote kwa kuchelewa. Siku 14 zikipita bila malipo wala maelezo, ihesabu kama ameghairi: saizi ya kawaida anapata robo yake, gauni unaliuza.

Chuma_cha_Pasi

Aliyenyamaza wiki mbili kwenye gauni lililokamilika, na fundi ameshalipwa 22, bado umrudishie robo? Sikubaliani. Aliyeghairi mapema na aliyetoweka mwishoni hawalingani.

Mkasi_Mkubwa

Hapo unanipa shida, kwa kweli hawalingani. Lakini gauni liko mkononi mwa dada Pindo limekamilika, atauza kwa 100. Akiuza, hakupoteza kitu isipokuwa muda.

Chuma_cha_Pasi

Akiuza.

Pindo_la_Bluu

Nimewasikia wote. Nitaandika hivi: "Picha ya gauni lako ikikufikia, una siku 14 za kumalizia malipo. Tarehe 28 Julai ni kwa aliyemaliza kulipa kufikia 26 Julai. Siku 14 zikipita bila kulipa wala kuniandikia, nitaliuza gauni, na robo ya kianzio nitakurudishia likishauzwa." Sina uhakika kama ni haki kamili kwa pande zote, lakini naweza kuitimiza. Kesho narekodi. Tarehe 29 Juni nitarudi hapa kuwaambia kama kitambaa kimefika.